Mto Galana ni "mto mto"? Naomba hoja zenu kabla hatujachora bango

Mkazi wa Mambrui

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kikundi chetu cha waongoza wageni huku Mambrui kinatengeneza bango la Kiswahili litakalosimamishwa karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini, pale watu wanapokuja kutazama ndege. Bango litakuwa na ramani ndogo ya mto mzima: Athi huko bara, Galana baada ya Tsavo kuungana na Athi, kisha Sabaki huku kwetu pwani. Rasimu ya kwanza tumeandika "Mto Athi", "Mto Galana", "Mto Sabaki", kama ramani nyingine zinavyoandika.

Tulipowaonyesha wazee, mama mmoja wa Kiwaata anayeishi hapa kijijini akauliza mbona tumeandika kitu kimoja mara mbili. Anasema kwao galana ni mto. Si jina la mto huu, ni neno tu la mto. Kwa hiyo kwake yeye bango letu linasomeka "Mto Mto".

Sasa kikundi kimegawanyika. Mmoja anataka "Mto" lifutwe hapo ili tusionekane hatujui lugha za majirani zetu. Mwingine anasema likifutwa, mgeni kutoka Nakuru au Tanga hatajua Galana ni mto, shamba au kijiji. Naomba mwenye Kiorma au Kiwaata atueleze: ni kweli asemavyo mama? Na kama ni kweli, ilikuwaje neno la mto wowote likawa jina la mto mmoja?

Nahodha wa Ngomeni

Waaleikum salaam. Mbona hilo lajulikana? Galana ni mto wa Wagala. Zama hizo wao ndio waliokuwa wameishika bara yote nyuma ya Malindi, watu wakakimbilia visiwani, mji wa kale ukabaki magofu mpaka Sultani wa Unguja alipoufufua. Mto ulipita katika nchi yao, ukaitwa kwa jina lao. Andikeni Mto Galana kama kawaida, huyo mama msimtie maanani.

Ustadh wa Langoni

Nahodha, kwamba Waoromo walifika mpaka nyuma ya Malindi ni kweli, wala hakuna anayelipinga. Ila hilo jina ulilowaita walipewa na wengine, na wao wenyewe wanaliona tusi. Tuwaite Waoromo, na hawa wa huku tuwaite Waorma na Waata kama wanavyojiita.

Bwana Mkazi, neno kurudiwa si jambo geni, na wala si la kuonea haya. Sote tuliosoma jiografia tumeandika "Jangwa la Sahara". Kiarabu sahra ni jangwa, na sahara ni wingi wake, basi tumeandika "jangwa la majangwa" miaka yote na hakuna mwalimu aliyetia alama ya kosa. Mahujaji wetu wakirudi Makka husimulia walivyopanda "mlima wa Jabal Nur", na jabal ni mlima. Huko Uhispania, Waarabu waliuita mto mmoja al-wadi al-kabir. Wahispania wakalitamka kwa ulimi wao likawa Guadalquivir, na leo wanasema Río Guadalquivir, ilhali río tayari ni mto. Mlima Etna wa Sisilia nao una jina la pili, Mongibello. Kipande cha mbele ni neno la Kilatini la mlima, kipande cha nyuma ni jabal. Waliokaa kisiwani walikuwa watu wa lugha mbili, kila upande ukatia neno lake.

Ila kuna jambo la kuangalia. Wadi kwa asili ni bonde, lenye maji au lisilo na maji. Huko Andalusi ndiko lilikotumika kwa mito mikubwa namna ile. Kwa hiyo kabla hatujasema neno limerudiwa, tujue lilikuwa na maana gani kwa watu wale, mahali pale. Je, galana kwa mama yenu ni mto hasa, au ni bonde, au ni maji tu? Mwenye lugha na aseme.

Mfugaji wa Garsen

Ustadh, umegusa penyewe. Mimi ni Muorma, kazi yangu kufundisha Kiswahili, na nyumbani hatusemi Kiswahili mpaka mgeni aje.

Kwetu kuna maneno mawili ambayo mchungaji hayachanganyi. Laga ni mkondo wa mchanga. Mvua ikinyesha huko juu maji hushuka kwa kishindo, baada ya muda mfupi yamekwisha, na kiangazi unachimba mchanga ule ili upate maji ya kunywesha ndama. Galaana ni mto wenye maji kiangazi na masika. Irabu ya katikati ni ndefu, ga-laa-na. Mtu akisema anapeleka ng'ombe galaana, hakuna atakayemuuliza galaana gani, kwa sababu katika nchi kavu kama yetu mto wa namna hiyo ni mmoja tu kwa mwendo wote anaoweza kwenda na mifugo. Ni kama mtu wa Mambrui anaposema "naenda mjini". Hataji mji, na kila mtu anajua ni Malindi.

Kwa hiyo mama yenu amesema kweli. Na hapo hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Watu hupenda kusimulia kwamba mgeni mmoja alinyoosha kidole akauliza "huu ni nini?", mwenyeji akamjibu "ni mto", naye akaandika jibu akidhani ni jina. Hadithi hiyo inawafanya wote wawili waonekane wajinga, na wala haihitajiki. Wenyeji wenyewe walikuwa wakilitumia neno hilo kama jina, kwa sababu hapakuwa na mto wa pili wa kuutofautisha. Mgeni alilisikia jinsi lilivyotumika. Alichokosa ni kitu kimoja tu: hakujua kwamba watu wale wale, wakihamia kando ya mto mwingine, wangeuita huo pia galaana. Neno lilipovuka kuingia katika lugha nyingine, sehemu ile ya maana ikabaki ng'ambo. Wenye lugha mpya wakawa na jina tupu, na jina tupu la mto lazima litanguliwe na "Mto".

Nahodha, kwa heshima, nina sababu za kutokubali ule unasaba wa jina la kabila. Kwanza, hiyo -na ya mwisho inatoka wapi? Hakuna anayeieleza. Pili, na hii ndiyo nzito zaidi, kusini mwa Ethiopia kuna Galana Sagan na Galana Dulei upande wa Chew Bahir, na kuna mto mwingine uitwao Galana unaoelekea ziwa Abaya. Huko wenye kuuita mto hivyo ni Waoromo wenyewe. Mtu hautii mto wake tusi alilotiwa na jirani. Tena tazama lile umbo la jina Galana Sagan: neno la mto mbele, jina nyuma, sawasawa na sisi tunavyosema Mto Tana. Kule jina kamili limebaki. Huku kwetu limebaki neno la mbele peke yake.

Nahodha wa Ngomeni

Mwalimu, nimekusoma. Hayo ya Ethiopia sikuwa nayo. Lakini wazee wangu walisema hivyo na walikuwa wakipita bara na bidhaa, siwezi kuwafuta kwa siku moja.

Binti Shela

Samahanini, nimeingia na kamusi. Nina rafiki wa chuo anayetoka Wollega, magharibi mwa Ethiopia. Kwao galaana ni bahari. Bahari ya Shamu wanaiita Galaana Diimaa, bahari nyekundu. Kamusi aliyonitumia picha yake nayo inasema bahari. Kwa hiyo hakuna kurudia! Galana maana yake ni bahari, na mto uliitwa hivyo kwa sababu unaelekea baharini. "Mto Galana" ni "mto wa bahari". Bango liko sawa.

Ustadh wa Langoni

Binti, kamusi yako haikosei, ila inasema ya watu wa Wollega. Tazama Kiarabu tena. Bahr kwa mtu wa Lamu ni bahari, hata neno letu limetoka huko. Lakini Sudan Kusini kuna Bahr el Ghazal, nao ni mto. Sehemu ya Naili yenyewe inaitwa Bahr el Jebel. Neno moja lashika maji makubwa, kisha kila watu hulielekeza kwenye maji makubwa waliyonayo.

Mfugaji wa Garsen

Ndivyo hasa. Kioromo kimesambaa mbali sana, na maana zimesogea. Magharibi neno la mto ni laga, hata mto wa maji ya kudumu, ndipo galaana likabaki na nafasi ya kwenda kwa ziwa na bahari. Kusini, kwa Waborana, Waorma na Waata, laga limeshikwa na mkondo mkavu na galaana ndio mto. Waliokaa kando ya mto huu ni hawa wa kusini, wala si watu wa Wollega. Dada yangu, kamusi lazima iwe ya lahaja ya mahali. Ungechukua kamusi ya Kiswahili cha Unguja kusoma majina ya Pate ungepotea vivyo hivyo.

Na kuna jambo la sarufi. Kama lingekuwa "mto wa bahari", Kioromo kingehitaji neno la mto mahali fulani ndani ya jina. Halimo. "Mto" tumelileta sisi.

Kijana wa Gongoni

Naomba kuuliza hapo hapo. Shamba la marehemu baba, barua moja inasema liko "kando ya Galana", nyingine inasema "kando ya Sabaki". Ofisi moja imenirudisha mara kadhaa ikisema hayo ni mashamba mawili. Sasa kama Galana na Sabaki yote maana yake ni mto, si niwaambie ni kitu kimoja wanipe hati yangu?

Mkazi wa Mambrui

Pole sana ndugu yangu. Lako ni jambo jingine kidogo. Hakuna hapa aliyesema Sabaki maana yake ni mto. Ni mto mmoja wenye majina mawili kulingana na sehemu, na hilo halitegemei maana ya neno. Kinachokusaidia ni ramani ya upimaji yenye namba ya kipande chako, na barua ya mzee wa mtaa anayejua mipaka. Usiende na hoja ya lugha, watakurudisha tena.

Kijana wa Gongoni

Ahsante. Ila kwetu bibi anasema Sabaki mpaka juu kabisa, hilo Galana nimelisikia kwenye redio kwa ajili ya lile shamba kubwa la mahindi la serikali, Galana Kulalu.

Mpanda Milima

Uzi mtamu. Nawaletea kubwa kuliko lenu. Uingereza kuna kilima kinaitwa Torpenhow Hill. Tor ni kilima, pen ni kilima, how ni kilima, na Hill ni kilima. Vilima vinne! Kila kabila lililovamia liliongeza lake bila kujua la mwenzake. Na sisi tunao wetu, Mlima Kilimanjaro. Kilima tayari kimo ndani. Mlima Mlima-njaro!

Mfugaji wa Garsen

Ndugu Mpanda Milima, hayo mawili nayapokea kwa mikono miwili tofauti.

Torpenhow ni kijiji, kipo Cumbria. Lakini ukitafuta kilima chenye jina hilo hukioni katika ramani, na aliyefuatilia jambo hilo hakukuta wenyeji wanaotumia jina la Torpenhow Hill. Neno la nne limeongezwa ili hadithi ipendeze. Ukitaka mfano wa kweli wa nchi hiyo chukua Pendle Hill ya Lancashire. Pen lilikuwa neno la mlima kwa waliozungumza lugha ya jamaa ya Kiwelshi, Waingereza wakaongeza neno lao la kilima ambalo baadaye lilimezwa ndani ya jina, na liliposahaulika wakaongeza Hill. Hiyo ina ushahidi wa maandishi ya karne za nyuma, jina likiandikwa na h na l za hyll zikiwa bado zinaonekana. Hata mito yao kadhaa iitwayo Avon ni hivyo hivyo. Kwa Kiwelshi cha leo afon ni mto. Ukimleta Mwelshi pale atasema kama mama wa Mambrui.

Kilimanjaro ni shauri lingine. Huko neno linalodhaniwa kurudiwa ni letu wenyewe, na tunalielewa. Hilo lingekuwa ajabu. Watu husahau maana ya neno la lugha waliyoiacha, hawasahau neno wanalolitumia kila siku. Tena kilima ni kitu kidogo, na huo ni mlima wa mita 5,895. Kwa nini watu wauite kidogo? Wapo wanaosema jina lilikuwa la lugha nyingine, na Waswahili wa misafara walipolisikia wakalisogeza lifanane na neno wanalolijua. Wachaga wenyewe wana majina ya vilele, Kibo na Mawenzi. Kuhusu njaro kila mtu ana lake. Mimi singeliweka Kilimanjaro katika orodha ya majina yaliyorudiwa mpaka mtu alete zaidi.

Mpanda Milima

Basi Ewaso Ng'iro? Nimefanya kazi Isiolo. Wamasai na Wasamburu wanasema ewaso ni mto, na ng'iro ni rangi ile ya udongo. Serikali inaandika Mto Ewaso Ng'iro.

Mfugaji wa Garsen

Hiyo naikubali moja kwa moja. Tena iko miwili, wa kaskazini na wa kusini, na pia kuna Ewaso Narok, mto mweusi. Unaona neno likitembea kutoka mto hadi mto? Ndilo nililosema kuhusu galana na Ethiopia. Neno la mto linapokuwa neno la kawaida, utalikuta mahali pa pili na pa tatu. Webi Shabelle ya Somalia ni ya kundi hilo, webi ni mto na shabeel ni chui.

Lakini Mkazi, kwa bango lako zingatia tofauti. Ewaso Ng'iro ukiifuta "Mto", jina lina vipande viwili na limesimama. Galana ukiifuta "Mto", kwa Mswahili umebaki na neno moja lisilosema kitu. Na ukiifuta "Galana" kwa kuwa ni mto, umebaki na "Mto". Katika jina hili hakuna kipande cha pili cha kushikilia.

Ustadh wa Langoni

Mwalimu, huoni kuwa hata Ziwa Nyasa ni la kundi hili la pili? Wayao na jamaa zao, nyasa au nyanja ni ziwa lenyewe. Neno peke yake limekuwa jina, halafu Kiswahili kikaongeza Ziwa.

Mfugaji wa Garsen

Ni hilo hilo, Ustadh. Livingstone alipofika mwaka 1859 naye alilitumia kama jina la ziwa.

Mkazi, nakuomba ufanye jambo moja kabla ya rangi. Usimuulize mama tena "galana ni nini?", maana keshajua unachotaka kusikia. Mpeleke kwenye mto mwingine, kwa mazungumzo tu. Mtajie Tana, umuulize kwao wanauitaje mto kama ule. Kisha mtajie Voi, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga. Neno likirudi lile lile kwa Tana, ni nomino ya kawaida. Likija jingine kwa Voi, utajua mpaka wa neno uko wapi. Na kama kuna vijana wao waliosoma shule, waulize vile vile, lakini kila mtu peke yake. Wakikaa pamoja mdogo atajibu alivyojibu mkubwa.

Mkazi wa Mambrui

Nimerudi, na nimefanya kama Mwalimu alivyosema. Nawaandikia yote kwa kuwa yamenigusa.

Mama tulimkuta akisuka mkeka, tukazungumza habari za mafuriko mpaka tukafika Tana. Akasema ule nao ni galaana, "galaana kubwa kuliko huu". Alilitamka refu kabisa kama Mwalimu alivyoandika. Nikataja Voi. Akacheka, akasema hiyo si galaana, hiyo ni laga, "maji yake ya kukopa". Nikamuuliza basi mto huu wa hapa una jina gani la peke yake kwa Kiwaata. Akafikiri. Akasema walipokuwa wakikaa bara hapakuwa na haja ya jina, na alipokuja huku alikuta watu wanasema Sabaki, naye akasema Sabaki.

Mwanawe wa kiume amesoma mpaka kidato cha nne. Nilimkuta stendi ya bodaboda. Nikamuuliza Galana ni nini, akajibu haraka: ni jina la mto, unaanzia Tsavo na Athi zinapokutana. Tana je? Tana ni Tana, "ule si Galana". Alilitamka fupi, kwa mkazo wetu wa Kiswahili. Nikamuuliza kwa Kiwaata mto ni nini. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni hilo hilo."

Nyumba moja, mama ana nomino ya kawaida na mwanawe ana jina. Lile jambo nililodhani lilitokea wakati wa misafara ya kale linaendelea kutokea hapa hapa kijijini kwetu. Nilikuwa nikidhani anayerudia neno ni mgeni asiyejua. Kijana huyu si mgeni, lugha anayo. Ila amejifunza jina darasani na neno nyumbani, na hayakuwahi kukutana mpaka nilipomuuliza.

Binti Shela

SubhanAllah. Hiyo ya kijana ingefaa iandikwe vizuri kabla kina mama kama huyo hawajatuacha. Je, ukiwa Mambrui wanasema Sabaki na Tsavo wanasema Galana, jina linabadilika wapi?

Ustadh wa Langoni

Nionavyo mimi, jina hufuata walioishi ukingoni. Huku chini ni Waswahili na Wagiriama. Wagiriama walivuka wakalima upande wa kaskazini, na Waingereza walipotaka kuwarudisha kusini, ndipo vita vya 1914 vikatokea, vile ambavyo jina la Mekatilili wa Menza hutajwa navyo. Mpaka uliogombewa ni Sabaki. Kule juu, kwenye pori kavu mpaka Tsavo, walikuwa Waata wawindaji na Waorma wafugaji. Msafiri aliyepita huko alipita na kiongozi wa huko, na neno alilolisikia ni lao. Mtengeneza ramani akakuta majina mawili, akampa kila mmoja kipande chake.

Mfugaji wa Garsen

Nakubaliana, na niongeze kuwa ramani zina desturi yake. Mchora ramani hutia neno la mto kwa kila mstari wa maji, awe anajua maana ya jina au hajui. Kwa hiyo hata aliyejua kuwa galana ni mto asingeliacha wazi. Hiyo ndiyo sababu sioni aibu yoyote katika "Mto Galana". Kwa Kiswahili, Galana ni jina. Kwa Kiwaata, ni neno. Bango lenu ni la Kiswahili.

Nahodha wa Ngomeni

Na Sabaki je? Mimi nasema ni "saba", vijito saba vilivyokutana.

Mfugaji wa Garsen

Nahodha, tutajie hivyo vijito saba, kisha utueleze -ki. Mimi Sabaki sina la kusema, wala sitaki kulibuni. Najua tu kwamba wataalamu wa lugha walilichukua jina la mto huo wakaliita kundi zima la lugha: Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana zote ni lugha za Sabaki.

Mkazi wa Mambrui

Kikundi kimekaa jana usiku. Tumeafikiana "Mto Galana" libaki kwenye mstari wa ramani, kwa herufi sawa na Athi na Sabaki. Chini yake, kwa herufi ndogo, tunaandika: "Galaana ni neno la Waata na Waorma lenye maana ya mto usiokauka." Mama ameomba irabu mbili ziandikwe, na zimeandikwa. Mmoja wetu bado anasema mstari huo utawachanganya wageni na anataka uondolewe. Fundi wa maandishi yuko upande wake kwa sababu nafasi ni ndogo. Tutalijaribu kwa penseli kwanza.

Lililobaki ni pale jina linapobadilika kutoka Sabaki kwenda Galana, maana kwenye ramani yetu lazima tuweke alama mahali fulani. Kwa sasa tumeiweka kwa kukisia. Kama kuna mtu wa Chakama hapa, au mwenye wazee upande huo, awaulize mto wanauitaje wakiutaja wao kwa wao, bila kuwatajia jina lolote kati ya hayo mawili.

Kijana wa Gongoni

Mjomba wangu yuko Chakama. Ijumaa nampelekea mbegu, nitamuuliza yeye na jirani yake Muorma, kila mmoja kwake.